Tovuti huhama salama, oda na barua pepe ndizo hupotea njiani

Mteja anapotuuliza kuhusu kuhamia seva mpya, hofu yake kubwa ni tovuti kuzimika. Sisi tunaogopa zaidi zile saa chache ambazo wageni wengine wanaingia seva mpya huku wengine bado wanapelekwa ya zamani.

Chukua duka la vipuri vya pikipiki tulilolihamisha, linalotumia WordPress na kupokea oda hata usiku. Siku moja kabla, tulishusha TTL ya rekodi za DNS, ule muda ambao mitandao huikumbuka anwani kabla ya kuiuliza upya, kutoka sekunde 14400, yaani saa 4, hadi 300. Hapo anwani ikibadilishwa, mitandao mingi huipata mpya ndani ya dakika 5. Mingi, si yote. Ipo inayong'ang'ania ya zamani.

Kisha tukaangalia barua pepe zinapokelewa wapi:

```
dig +short MX domeini-yako.co.tz
```

Jibu likawa jina la domeini yenyewe, jambo la kawaida kwenye seva za cPanel. Maana yake, ukigeuza anwani ya tovuti, barua nazo zinahama. Zikifika seva mpya zikute hakuna sanduku la sales@, zinarudishwa kwa aliyetuma, nawe hutajua mpaka mtu akupigie simu kulalamika. Kwa hiyo tulifungua masanduku yote kwanza, tukanakili barua kwa programu ya imapsync. Siku iliyofuata tuliirudia kuzoa zilizochelewa. Zilizokwisha kunakiliwa hairudii.

Hifadhidata ndiyo yenye mtego. Ukiiacha kila seva na nakala yake, oda namba 2051 inaweza kuwa ya watu wawili tofauti, na kuziunganisha baadaye ni balaa. Saa 8 usiku tulifunga malipo kwa dakika 10 hivi, bidhaa zikiendelea kuonekana, tukatoa nakala ya mwisho:

```
mysqldump --single-transaction -u duka -p duka_db > duka.sql
```

Tulipoiingiza seva mpya, tuliiruhusu seva ya zamani kuunganishwa nayo, halafu kwenye wp-config.php ya zamani tukabadilisha DB_HOST iwe anwani ya seva mpya. Mgeni apitie mlango wowote, oda inaandikwa daftari moja. Ndipo tukafungua malipo na kugeuza DNS. Picha za bidhaa hazifuati njia hiyo kwa sababu ni mafaili, hivyo tulimwomba mwenye duka asipandishe picha mpya siku hiyo.

Cheti cha SSL kilikuwa kimeshawekwa seva mpya, na tovuti tulishaijaribu kupitia faili la hosts la kompyuta yetu kabla mteja yeyote hajaiona.

Akaunti ya zamani usiifunge siku hiyohiyo, hata kama bili yake inakuuma. Tunaifunga pale kumbukumbu zake za ziara zinapobaki na roboti tu, na imapsync inapomaliza bila kuleta barua hata moja.