Sijachelewesha rejesho hata moja, lakini nakaribia kuvunja sharti la mkopo

Ndugu mshauri,

Salaam. Nina kiwanda kidogo cha vifungashio, na miaka miwili iliyopita nilikopa benki kununua mashine. Marejesho ya mwaka, riba ikiwemo, ni milioni 40, na sijachelewa hata siku moja. Nilidhani hilo ndilo sharti kuu.

Mkataba una mengine. Nisikope kwingine bila idhini ya maandishi. Kila mwisho wa mwaka wa hesabu, fedha zinazopatikana kulipia deni ziwe angalau mara 1.25 ya marejesho, yaani milioni 50. Tena mali za muda mfupi ziwe angalau mara 1.2 ya madeni ya muda mfupi.

Mwaka huu gari la kusambazia mizigo liliharibika kabisa. Kwa kuogopa sharti la kutokopa, nililipa jipya taslimu, milioni 6. Nilijiona nimefanya busara. Faida kabla ya riba, kodi na uchakavu inaelekea milioni 54, nikaigawa kwa 40, nikapata 1.35. Nikalala usingizi.

Juzi mhasibu wangu alifungua ukurasa wa tafsiri ya maneno, ule ambao sikuwahi kuusoma. Pale imeandikwa kwamba kodi iliyolipwa hutolewa kwanza, na vilevile mali yoyote iliyonunuliwa kwa fedha ya biashara. Toa kodi milioni 3, toa gari milioni 6, inabaki 45. Ukigawa kwa 40 ni 1.125. Nimepungukiwa milioni 5, na kilichonipunguza ni lile gari.

Kilichoniogopesha zaidi ni alichosema baadaye. Sharti likivunjwa na benki ikapata haki ya kudai deni lote, na tusiwe na barua yao ya kusamehe kabla mwaka haujafungwa, kwa kanuni za kimataifa za hesabu mkopo wote unahesabiwa deni la muda mfupi, hata kama benki itasamehe wiki inayofuata. Leo mali zangu za muda mfupi ni milioni 90 na madeni 60, sawa na 1.5. Salio la mkopo linalolipwa baada ya mwaka mmoja ni milioni 80. Likihamia huku, madeni yanakuwa 140 na uwiano unashuka hadi 0.64. Sharti la pili nalo linakatika, kwa sababu ya la kwanza tu.

Mwaka unafungwa baada ya wiki tano. Mhasibu anataka tuandike sasa, tupeleke makadirio na kuomba msamaha wa maandishi kwa mwaka huu. Mke wangu anaona tuingize akiba yetu milioni 5 kama mtaji. Lakini mkataba hausemi kama mtaji mpya unahesabiwa kwenye kipimo hicho, na sitaki kumaliza akiba ya nyumbani bure.

Je, niiulize benki kwanza kuhusu mtaji, au niombe yote mawili katika barua moja? Na je, niombe pia tafsiri irekebishwe, ili gari la kuziba pengo la lililoharibika lisitolewe tena?

Msomaji wako