Kaka, ile 20,000 sikupi, ila soma hii

Kaka, za masiku,

Meseji yako ya saa nane usiku nimeiona, nimekaa nayo asubuhi nzima sijajibu maana nilijua nikijibu palepale nitakufokea au nitakutumia tu hela ili nilale. Umeomba 20,000 ya kulipa apu inayodai leo. Sikupi. Usinune kwanza, ningeweza kuipata hiyo hela, ila najua baada ya wiki mbili ungenitafuta tena, na najua kwa sababu mimi mwenyewe nilimpiga dada yangu mizinga ya hivyohivyo mara tatu na zote tatu nilimuapia ni ya mwisho.

Hii sijawahi kukwambia. Ule mwaka niliokuwa sipokei simu zako ukasema nimeanza maringo, nilikuwa na apu 6 za mkopo kwenye simu, na hela yote ilikuwa inaenda kwenye mikeka ya kubeti.

Nilianza na 10,000. Ukiikubali inaingia 8,500, ile 1,500 wanaikata mwanzoni kabisa, halafu siku ya 14 unarudisha 10,000 kamili. Mimi nikajiambia aa, asilimia 15 tu. Lakini nilichoshika mkononi ni 8,500, kwa hiyo nalipia 1,500 juu ya 8,500, hiyo ni karibu asilimia 18, tena ya wiki mbili wala sio ya mwaka. Hela ile nikaigawa mikeka 17 ya dau la 500, kila mkeka timu tano, odi kama 1.90 kila moja, ukitiki unapata kama 12,380. Unaona nilivyopiga hesabu? Mkeka mmoja tu kati ya 17 na mkopo umelipika, chenji inabaki.

Sasa angalia walivyotengeneza hiyo odi. Mechi ambayo kweli ni nusu kwa nusu ilitakiwa ilipe 2.00, wao wanaweka 1.90, yaani kila mechi wameshakula asilimia 5 kabla mpira haujaanza. Ukizidisha timu tano, kwa kila 100 unayoweka wastani inarudi kama 77. Kwa hiyo nakopa kwa asilimia 18 niipeleke sehemu inayonikata 23. Na ile mikeka yangu 17, uwezekano wa yote kuchanika bila hata mmoja kubaki ulikuwa zaidi ya nusu, hiyo hesabu nimekuja kuifanya baadaye sana nikiwa nimetulia.

Kilichonimaliza ni kwamba wiki ile mkeka mmoja ulitiki. Kabisa, 12,380 ikaingia, nikaruka kitandani mpaka mtoto akaamka. Sikulipa deni kaka. Zilikuwa zimebaki siku 9 nikasema muda upo, ngoja niizungushe, na siku ya 14 nilikuwa sina hata nauli.

Ndo nikaingia kwenye kopa huku lipa kule. Kulipa 10,000 ya apu ya kwanza nahitaji 10,000 mkononi, na apu ya pili nayo inakata mwanzoni, kwa hiyo lazima niombe kama 11,765. Wiki mbili tena, kuilipa hiyo naomba 13,841 ya tatu, halafu 16,283, halafu 19,157. Ukihesabu ni wiki 10, nadaiwa 19,157 na hela niliyowahi kuishika ni ile 8,500 ya siku ya kwanza, na hapo sijaongeza mkopo hata mmoja wa kubeti, ni deni linajizalisha lenyewe. Na muda wote huo napokea meseji za hongera, limiti yako imepanda, maana kwao nilikuwa mteja anayelipa kwa wakati. Kuna pia kile kitufe cha kusogeza tarehe, unalipa ada tu unapewa wiki mbili nyingine, nilikipenda sana kile, kumbe ile ada haipunguzi deni hata senti.

Nilijua nimefika mwisho siku mshahara umeingia nikiwa kwenye foleni ya chakula cha mchana, nikasikia meseji zinaita moja baada ya nyingine, kufika dirishani sina hela ya sahani. Apu mbili nilikuwa nimezikubalia zikate zenyewe hela ikiingia, kule mwanzo nilipokuwa nabonyeza kubali kubali bila kusoma.

Kwa hiyo nilichofanya. Kwanza niliacha kukopa ili kulipa, hata kama kesho yake kuna tarehe ya mwisho, acha ipite. Hii ndo ngumu kuliko yote, kwa sababu mwili umezoea kwamba tarehe ikifika unatafuta hela popote. Akaunti za kubeti nilijifungia mwenyewe, kuna sehemu kwenye mipangilio unachagua usiweze kuingia kwa muda mrefu, nikachagua muda mrefu kuliko yote, na mshahara nikaomba uingie akaunti nyingine ambayo apu haziigusi. Shemeji yako akawa ndo anaishika. Nilimwambia kila kitu jikoni usiku, hakupiga kelele, aliuliza tu zimebaki ngapi, mimi sikujua jibu, na hapo ndo aliponikasirikia.

Tukachukua karatasi. Kila apu mstari wake: nilipokea ngapi, nimeshalipa ngapi, wanadai ngapi leo, na katika hiyo faini za kuchelewa ni ngapi. Jumla ikaja 72,000. Halafu upande wa pili kodi, chakula, nauli, ada, kilichobaki kwa mwezi ni 9,000. Basi, hiyo 9,000 ndo namba pekee ya kweli kwenye karatasi nzima. Mdai mkubwa alikuwa na 24,000, theluthi ya deni lote, kwa hiyo akapangiwa theluthi ya 9,000, yaani 3,000 kwa mwezi, na wengine hivyohivyo kila mtu kwa ukubwa wa deni lake. Ugawe hivyo kaka, usimpe zaidi anayepiga kelele zaidi, mimi nilikuwa nafanya hivyo na wapole ndo walikuja kunigeuka.

Simu ya huyo wa 24,000 naikumbuka neno kwa neno maana nilikuwa nimeandika cha kusema na nikawa nasoma. Jamaa akaanza, "Lipa leo kabla ya saa kumi, la sivyo tunawapigia watu wako wote." Nikamwambia, "Nimekusikia. Naomba jina lako na kampuni iliyokutuma. 24,000 leo sina. Naweza kulipa 3,000 kila tarehe 2 kuanzia mwezi ujao, naomba faini zisimame na mnijibu kwa maandishi." Akasema lipa basi hata nusu leo nikufungie kesi. Hapo ndo huwa tunaanguka, kwa sababu nusu hiyo unaenda kuikopa apu nyingine, halafu wakiipokea wanaipeleka kufuta faini kwanza, deni lenyewe linabaki palepale. Nikarudia sentensi ileile. Akatukana kidogo, nikairudia tena, akakata.

Muda huohuo nikaandika kwa huduma kwa wateja kupitia apu yenyewe na kwa imeili, maneno yaleyale, mafupi, bila hadithi za ugonjwa. Kubeti sikutaja, hawahitaji kujua, ila sikudanganya chochote. Nikaomba na taarifa ya deni inayoonyesha mkopo halisi ni kiasi gani na faini kiasi gani, ikaja: mkopo 16,000, faini 8,000. Ukishaona hiyo una cha kuongelea, kwa sababu 16,000 wanataka irudi kweli, ile 8,000 wanaweza kuilegeza. Siku ya tano wakajibu 18,000 kwa miezi sita, 3,000 kila mwezi, faini zimesimama. Sikutuma hata senti kabla ya hiyo imeili, na nilipolipa nililipa kwa namba rasmi iliyopo ndani ya apu, kamwe sio namba ya mtu aliyenipigia hata kama anasema ndo utaratibu mpya, wapo wanaotia mfukoni na deni lako linabaki vilevile.

Sio wote walikubali. Wawili walikataa kabisa, faini zikaendelea, nikawa naweka fungu lao pembeni kwa shemeji yako, na mwezi wa nne mmoja wao akaleta mwenyewe ofa ya kulipa mkopo tu wafute faini. Hela ilikuwepo, nikaomba kwanza wathibitishe kwa maandishi kwamba nikilipa hiyo hawanidai tena, nikalipa, nikachukua barua ya kumaliza deni. Yule mwingine alinisumbua mpaka mwisho, nililipa na faini zake zote, sikuwa na la kufanya.

Kuhusu kupigia watu wako, watapiga, au watatuma meseji, maana ulipopakua apu ulizipa ruhusa ya majina kwenye simu. Kaifunge ruhusa sasa hivi, ingawa walichochukua wameshachukua. Mimi niliwawahi, nikawaandikia kama watu 15, bosi akiwemo: "Nina madeni ya apu, nayalipa kwa mpango. Ukipigiwa kuhusu mimi samahani kwa usumbufu, usilipe chochote." Aibu ya dakika kumi hivi. Walipopigiwa hakuna aliyeshtuka, mjomba alimuuliza yule mkusanyaji kama ameshakula.

Na zile meseji za polisi wanakuja kesho, zihifadhi, piga skrinshoti kila kitu na tarehe yake. Kushindwa kulipa mkopo sehemu nyingi ni kesi ya madai, hukamatwi kwa kutokuwa na hela, japo wanaweza kukupeleka mahakamani na jina lako likachafuka kwenye rekodi za mikopo, hilo ni kweli na usilipuuze. Lakini matusi na kukutangaza kwa watu ni makosa yao, na skrinshoti hizo ndo unazipeleka kwa mamlaka inayosimamia wakopeshaji wakizidi.

Sasa wewe, kabla ya Jumamosi kaandike ile karatasi, mistari yote, hata ile apu unayoona aibu kuitaja. Nakuja kwako na tunakaa na shemeji kama utakuwa umeshamwambia, na kama hujamwambia tunaanzia hapo. Ile apu ya leo ikikupigia kabla sijatoka kazini, pokea, sema utawaandikia kesho, namba yoyote usiahidi.

Mimi wako.