Mitita 45 au 68? Jinsi tunavyohesabu makuti ya paa lako

Wateja wengi wa hapa Kilifi hutupigia simu na swali moja: "Nina banda la mita 8 kwa 6, nitahitaji mitita mingapi ya makuti?" Mara nyingi wameshapewa bei mbili na mafundi wawili, na moja iko chini ya nyingine kwa theluthi nzima. Banda ni lilelile na makuti ni yaleyale. Kinachotofautiana ni nafasi kati ya safu na safu, na hicho mara nyingi hakiandikwi popote kwenye karatasi ya bei.

Tuchukue banda hilohilo tulihesabu pamoja. Ni la paa la pande mbili, na mgongo wake unakwenda na urefu wa mita 8. Mita 8 kwa 6 ni kipimo cha sakafu, lakini paa hutoka nje ya kuta. Tukiacha upenu wa nusu mita kila upande, paa linafunika mita 9 kwa 7. Kisha kuna mwinamo. Sisi tunapendelea digrii 45, yaani kila mita moja unayokwenda kuelekea katikati, paa linapanda mita moja. Nusu ya mita 7 ni mita 3.5, na kwa mwinamo huo kombamoyo linatoka ncha ya upenu hadi mgongoni kwa kama mita 4.95. Kama kenchi limeshasimama, usijisumbue na digrii. Vuta futi kamba juu ya kombamoyo lenyewe, usome kipimo.

Kwa hiyo kila upande wa paa ni mita 4.95 kwa 9, na pande mbili ni kama mita 89 za mraba. Sakafu ilikuwa 48. Aliyenunua makuti kwa kipimo cha sakafu ataishiwa fundi akiwa nusu ya paa.

Sasa kuti lenyewe. Makuti tunayouza yana ufito wa sentimita 70, na majani yananing'inia kama sentimita 60. Safuni, kila kuti linalalia la jirani yake kwa sentimita 10, hivyo kila kuti linafunika upya sentimita 60 tu za upana. Mita 9 ukigawa kwa 60 unapata makuti 15 kwa safu. Hapa mafundi hawatofautiani sana.

Wanatofautiana kwenye kupanda. Safu ya juu inalalia ya chini, na umbali kutoka ufito hadi ufito ndio unaoamua unene wa paa. Sisi tunaweka sentimita 12.5, kama inchi 5. Jani la sentimita 60 likipangwa hivyo, popote utakapogusa paa kuna matabaka manne hadi matano ya majani. Mita 4.95 ukigawa kwa sentimita 12.5 ni safu 40 kwa upande mmoja. Safu 40 mara makuti 15 mara pande mbili ni makuti 1,200.

Bado kuna mambo matatu. Safu ya kwanza kwenye upenu tunaipiga maradufu, kwa sababu chini yake hakuna tabaka la kuipokea: ongeza makuti 30. Mgongoni tunalaza safu nne, mbili kila upande, yakikunjwa kuvuka mgongo: ongeza 60. Jumla 1,290. Halafu asilimia 5 ya yale yanayovunjika ufito njiani au kukatwa pembeni, tunafika 1,355. Mtita wetu una makuti 20, kwa hiyo ni mitita 68. Kwa paa la pande nne lenye mwinamo uleule eneo halibadiliki, ila kuna pembe nyingi za kukata na migongo ya kona ya kufunika. Hapo makuti ya migongo huhesabiwa kona kwa kona, na ya kupotea tunaweka asilimia 10.

Turudi kwa yule fundi wa bei nafuu. Tuseme anaweka safu kila sentimita 20. Mita 4.95 inampa safu 25 badala ya 40. Makuti ya paa ni 750. Na upenu, mgongo na ya kupotea inakuwa 882, yaani mitita 45. Hajakudanganya kwa hesabu. Amekuuzia paa la matabaka matatu, na siku ya mwisho ya kazi ukisimama nje utaliona zuri kabisa. Makuti yakikauka majani hunywea na kujikunja, mianya inafunguka, na mvua ya masika yenye upepo inapata njia. Kuchomeka kuti moja moja baadaye, katikati ya safu zilizokwisha kufungwa, ni kazi ngumu na haiwi imara kama ya mwanzo.

Wengine hujaribu kupunguza kwa kulaza paa. Kwa digrii 30 kombamoyo la banda hili linakuwa kama mita 4.04, na kwa nafasi ya sentimita 12.5 ni safu 33 tu. Lakini jani haliteremki kwa mwinamo wa kombamoyo. Linakaa juu ya unene wa majani mengine, hivyo lenyewe limelala zaidi ya paa unaloliona. Maji yanateremka polepole, yanalowesha tabaka la ndani, na majani yanaoza yakiwa yamefungwa. Mteja akilazimika kuwa na paa la namna hiyo, tunabana safu hadi sentimita 10, zinakuwa 41, na akiba yote imeisha. Chini ya digrii 30 hatuezeki makuti, tunamshauri atumie kitu kingine.

Unaweza kumkagua fundi yeyote, sisi tukiwemo, kwa futi kamba tu. Ingia ndani ya banda utazame juu: fito za makuti zinaonekana zikivuka makombamoyo. Chagua ufito mmoja, hesabu nafasi kumi kuelekea mgongoni, upime. Kwa safu za sentimita 12.5 lazima upate mita 1 na sentimita 25. Ukipata mita 2, umewekewa sentimita 20. Fanya hivyo safu kumi na tano za kwanza zikishafungwa, kabla kazi haijapanda juu, na upime upande wa pili pia.

Fungua na mtita mmoja kabla ya kushusha gari. Hesabu makuti yaliyomo, maana kuna wanaofunga kwa idadi nyingine, na bei ya mtita bila idadi haina maana. Pima ufito kwa sehemu yenye majani, si ncha zilizo tupu. Pima na urefu wa jani linavyoning'inia: likiwa sentimita 45 badala ya 60, hata kwa safu za 12.5 matabaka hayazidi manne, na itabidi tubane zaidi.

Ukitutumia ujumbe wa kuulizia, tupe urefu wa mgongo, urefu wa kombamoyo hadi ncha ya upenu, na picha moja ya kenchi ili tuone kama makombamoyo yamekaribiana. Kuti la sentimita 70 lifungwe angalau penye makombamoyo mawili, hivyo yasiachane zaidi ya sentimita 30. Tutakujibu kwa idadi ya makuti, idadi ya mitita, na nafasi ya safu kwa sentimita. Kama una bei ya fundi mwingine mkononi, mwombe naye akuandikie nafasi ya safu zake.