Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kupima Gharama na Manufaa ya Reli ya Mombasa hadi Nairobi

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama mtazisikia kwa mweka hazina, na orodha ya wanachama wapya iko kwa katibu, kwa hiyo taarifa yangu nitaielekeza kwenye kazi iliyochukua sehemu kubwa ya vikao vyetu mwaka huu. Mlituagiza tuchague mradi mmoja mkubwa wa umma na kuupima kwa mbinu ya gharama na manufaa, ili wenzetu wanaofanya kazi katika kaunti wawe na mfano wanaoujua. Kamati ilichagua reli ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017 na kugharimu takribani shilingi bilioni 327, ambazo sehemu yake kubwa ni mkopo kutoka China.

Mjadala wa reli hii magazetini na mabarazani umekuwa wa mapato na deni: je, nauli na ada za mizigo zinatosha kulipia uendeshaji na mkopo? Hilo ni swali la mhasibu, na lina uzito wake, lakini si swali letu. Mpimaji wa mradi wa umma huuliza nchi nzima imepata nini na imetoa nini, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo bila mradi huo. Hali hiyo haikuwa ya kukaa bila reli. Reli ya zamani iliyojengwa kuanzia mwaka 1896 ilikuwapo, barabara ilikuwapo, na malori yalikuwa yakibeba mizigo usiku na mchana. Waraka wa Benki ya Dunia wa mwaka 2013 kuhusu reli za Afrika Mashariki ulilinganisha njia mbalimbali, kuanzia kukarabati reli iliyopo hadi kujenga mpya, na ukaona kwamba reli mpya ingehalalika tu kama ingevuta mizigo ya nyongeza isiyopungua tani milioni 20 kwa mwaka.

Kamati ilitaka kuona kwa hesabu rahisi kwa nini kizingiti kiwe juu kiasi hicho. Tulidhani kwamba bilioni 327 zote zilitumika siku moja, jambo ambalo si kweli kwa kuwa ujenzi ulichukua miaka kadhaa, kisha tukauliza: baada ya kutoa gharama za uendeshaji, reli iletee nchi manufaa ya kiasi gani kila mwaka kwa miaka 30 ili gharama hiyo irudi? Jibu linategemea kiwango cha punguzo, yaani kasi ambayo tunashusha thamani ya fedha za baadaye kwa sababu fedha za leo zingeweza kuzalisha kwingine. Kwa asilimia 6 zinahitajika takribani shilingi bilioni 24 kila mwaka. Kwa asilimia 10, kiwango ambacho wapimaji wa miradi katika nchi zetu wamekizoea kwa muda mrefu, zinahitajika karibu bilioni 35, na kwa asilimia 12 zinafika bilioni 41.

Mwanachama mmoja alipinga kwamba reli hudumu zaidi ya miaka 30, na alikuwa na haki ya kupinga. Tulirudia hesabu kwa miaka 60. Kwa asilimia 10, manufaa yanayohitajika kila mwaka yalishuka kwa chini ya bilioni 2 tu, kwa sababu shilingi bilioni moja itakayookolewa mwaka wa 30 ina thamani ya takribani milioni 57 leo, na ya mwaka wa 60 karibu haionekani. Kwa asilimia 6 nafuu ilikuwa takribani bilioni 3.5. Kwa hiyo anayeutetea mradi kwa hoja ya wajukuu zetu anatetea pia kiwango kidogo cha punguzo, na inafaa aseme hivyo waziwazi, kisha akitumie kiwango hicho hicho kwa miradi yote inayoshindana na wake.

Mwaka 2022 reli ilibeba takribani tani milioni 6 za mizigo. Tukigawanya bilioni 35 kwa tani hizo, kila tani inapaswa kuiokolea nchi karibu shilingi 5,800 ikilinganishwa na lori. Abiria wanapunguza mzigo huo, lakini si sana: watu milioni 2 kwa mwaka wakiokoa saa tatu kila mmoja, nasi tukiithamini saa kwa shilingi 200, wanaleta bilioni 1.2. Mnaweza kuiongeza saa hiyo thamani mara tatu na jibu la jumla lisibadilike sana.

Shilingi 5,800 kwa tani lazima zipatikane kutoka mlango hadi mlango, na hapo ndipo makadirio mengi hukosea. Kontena la mfanyabiashara wa Eneo la Viwanda Nairobi halikuishia kwenye reli. Lilishushwa kwenye bohari ya Embakasi, likapandishwa lori lingine, na mwenye mzigo akalipia safari hiyo fupi pamoja na siku za kusubiri. Anayelinganisha ada ya treni na nauli ya lori kutoka Mombasa bila kuhesabu kipande hicho cha mwisho amelinganisha safari mbili zisizofanana. Nadhani pia tani zilizobebwa kwa amri zisichukuliwe kuwa ushahidi wa manufaa. Mwenye mzigo akichagua treni kwa hiari, uchaguzi wake unatuonyesha kwamba ameona nafuu. Serikali ilipoelekeza mwaka 2019 kwamba makontena yapite relini, takwimu za tani zilipoteza sehemu ya maana hiyo.

Agizo hilo ndilo lililoleta maandamano ya kila Jumatatu mjini Mombasa mwaka huo, nasi hatuwezi kupima mradi bila kuyaangalia. Mama lishe wa Mtito Andei aliyekuwa akiwauzia madereva wali na maharage amepoteza wateja, na huenda muuza chakula wa Miritini, kwenye stesheni ya treni, amewapata wengine. Kwa hesabu ya nchi hali hizo mbili zinakaribia kufutana, lakini watu wenyewe ni wawili tofauti. Dereva aliyekosa kazi kwa mwaka mzima ni hasara halisi, ilhali ushuru wa mafuta ambao serikali haikuupata tena ni fedha zilizobaki mfukoni mwa mwingine. Tozo ya maendeleo ya reli, iliyoanza mwaka 2013 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoagizwa kutoka nje, nayo ni uhamisho wa fedha kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Inalipwa hatimaye na mnunuzi wa Lodwar ambaye labda hataipanda treni hiyo maishani mwake.

Kanuni iliyotokana na hoja za wanauchumi Kaldor na Hicks za mwaka 1939 huukubali mradi ikiwa wanaonufaika wangeweza kuwafidia wanaopoteza na bado wakabaki na ziada. Haidai kwamba fidia itolewe kweli. Katika reli hii wenye ardhi waliwekewa utaratibu wa fidia kisheria. Wenye malori, makuli na wenye hoteli za njiani hawakuwa nao. Kwa maoni yangu, tathmini inayotoa jumla moja tu bila kusema nani atalipwa na nani hatalipwa haijakamilika, hata kama jumla hiyo ni chanya.

Kamati inapendekeza kwamba mwakani kila tathmini itakayopitiwa na chama iwe na viwango vitatu vya punguzo, yaani 6, 10 na 12, ieleze hali bila mradi kwa kutaja njia mbadala iliyo rahisi zaidi, na iambatanishwe na jedwali la makundi ya watu likionyesha kila kundi linapata au linapoteza shilingi ngapi. Wenzetu wa Kwale wameomba tuanze na barabara mbili za mashambani ambazo bajeti yao haiwezi kuzimudu kwa pamoja, na rasimu ya kwanza itajadiliwa katika kikao kijacho.