Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama, asalaam alaykum, na Bwana Yesu asifiwe.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Bodi ilikaa vikao vinne, mikopo ya salfa na palizi ilitoka kwa wakati, na bati la ofisi limebadilishwa, kazi niliyoisimamia mwenyewe hadi msumari wa mwisho. Wanachama tuko 186, mikopo iliyo nje ni shilingi 41,300,000, hisa ambazo hamjamaliza kulipia ni 2,640,000. Kikao cha Juni walikuja watu 39, na baada ya chai sikuwahesabu tena.

Sasa lile linalosemwa hadi stendi hapa Mtama, kwamba bodi ilimdhalilisha mwanachama namba 214.

Mwanachama huyu alikopa 1,200,000 kwa miezi 12, kila mwezi alete 112,000: laki moja ya mkopo na 12,000 ya riba. Alianza Aprili. Kufika mwisho wa Septemba leja yake ilionesha malipo mawili tu, deni 1,000,000. Nikasaini barua kwa wadhamini wake wawili, akiba zao zikazuiwa, naye akapigwa faini ya 20,000. Mnauliza kwa nini sikumwita kwanza. Jamani, kuanzia Juni hadi korosho zianze kuuzwa, nani huku kwetu ana fedha? Wadaiwa 23 walikuwa kimya miezi hiyohiyo. Nilimwona naye kama wao, nikasahau kwamba yeye anauza dagaa na hasubiri mnada.

Alikuja Oktoba na kopo la maziwa ya unga, akalimwaga juu ya meza ya mtunza hazina wetu. Stakabadhi sita, Aprili hadi Septemba, zote na mhuri wa chama. Mama yetu hakubishana naye. Alitoa vitabu vya stakabadhi, akalinganisha nakala moja moja: namba sahihi, kiasi sahihi. Akafungua daftari la fedha, fedha zimeingia, na benki zimefika. Kwa hiyo hakuna aliyekula. Zilipotea kati ya daftari na leja.

Wengine mmesema mbona urari ulikaa sawa kila mwezi. Ulikaa sawa kwa sababu kosa la namna hii haliuvurugi. Malipo ya mkopo yakiandikwa kwa mkopaji mwingine, jumla ya leja ya mikopo haibadiliki hata senti; mmoja anaonekana amelipa pungufu, mwingine amezidisha kwa kiasi kilekile. Urari unaona jumla, hauoni watu.

Mtunza hazina akaacha kutafuta namba, akatafuta kiasi. Alipekua leja za wakopaji wote akiangalia 112,000. Akaikuta mara nne, Juni hadi Septemba, kwa mwanachama namba 241. Huyu alikopa 900,000 na marejesho yake ni 84,000; hajawahi kulipa 112,000 hata siku moja. Wawili hawa jina la kwanza ni moja, na jina la baba pia. Karani alisoma 214 akaandika 241, na jina halikumshtua.

Leja haikufutwa wala kupakwa wino mweupe. Iliandikwa hati ya marekebisho, ikasainiwa na mtunza hazina na kamati ya usimamizi: 400,000 zikatoka kwa 241 zikaenda kwa 214, ambaye deni lake sasa lilisomeka 600,000. Riba, 48,000, ilikuwa tayari kwenye mapato ya chama. Ilisahihishwa kwenye kadi zao tu. Faini imerudishwa, akiba za wadhamini zimefunguliwa, na barua ya kuomba radhi niliipeleka kwa mguu wangu.

Ugumu ni 241. Leja ilimwonesha anadaiwa 350,000, mlipaji mzuri, tukampa mkopo wa dharura wa 300,000. Kumbe alisimama kulipa tangu Juni. Deni halisi ni 1,050,000. Anasema alidhani mwanawe anamlipia. Bodi imempangia kulipa upya bila faini, kwa kuwa kosa ni letu, na karani amebaki kazini ila sasa mtunza hazina anapitia maingizo yake kila Ijumaa. Mnaosema tumewabeba, semeni hapa ukumbini, si kijiweni.

Na mimi niseme langu. Agosti tuliita siku ya kulinganisha kadi na leja. Walikuja watu 31. Namba 214 hakuja, 241 hakuja. Wangekuja, jambo hili lingeonekana ndani ya dakika tano. Sijitetei, nasema ilivyokuwa.

Mwaka ujao tunatarajia, fedha ikiruhusu, kununua kompyuta.

Naomba kuwasilisha.