Barua kwa shoga yangu aliyepata binti

Shoga yangu,

Hongera sana! Umejifungua salama, mama mzima na mtoto mzima, alhamdulillahi. Ujumbe wako ulinikuta kwenye daladala nikapiga kigelegele, konda akadhani nimepitishwa kituo. Kuanzia leo jina lako ulilopewa na wazazi limeshakwenda likizo. Mtaa mzima utakuita Mama Nani, hata wale uliosoma nao.

Najua huko Tanga umezungukwa. Kuna anayekulisha supu ya pweza, kuna anayekukorogea uji wa pilipili manga, na kuna yule anayetaka kukukanda kwa maji yanayotokota. Supu kunywa, uji kunywa. Maji ya moto hayo waambie wayapooze kwanza, maana tumbo lako si sufuria.

Ila kilichonifanya niandike ni ule ujumbe wako wa pili, wa usiku wa manane: "Bibi anasema maziwa yangu hayatoshi, mtoto apewe maji ya sukari." Kisa chenyewe, binti alizaliwa na kilo 3.2, na siku ya tano mizani ya kliniki ikaonyesha kilo 2.95. Nyumba nzima ikahamaki, na wewe ukalia.

Hebu tupige hesabu pamoja. Amepungua gramu 250, yaani hata asilimia 8 ya uzito wake haijafika. Karibu kila mtoto mchanga hupungua siku za mwanzo, kwa sababu anatoa maji aliyozaliwa nayo na kinyesi cha kwanza. Kinachotakiwa kututia wasiwasi ni akipungua zaidi ya asilimia 10, au akifika wiki mbili na bado hajarudia uzito wake wa kuzaliwa. Binti yako bado yuko ndani ya mstari.

Tena siku mbili tatu za mwanzo titi hutoa dang'a, kidogo na nzito, na tumbo la mtoto wakati huo ni dogo kweli. Hayo matone ndiyo chakula chake, na yana kinga. Maziwa mengi huingia kati ya siku ya pili na ya tano. Ukimjaza maji ya sukari, atashiba maji na hatanyonya. Asiponyonya, titi linaona halihitajiki na linapunguza kutengeneza. Hapo ndipo maneno ya bibi yatakapotimia, kwa kazi yake mwenyewe! Mtoto hahitaji maji wala uji mpaka miezi sita itimie, hata kwa joto la Tanga.

Ushahidi wa shibe uutafute kwenye nepi. Kuanzia siku ya tano hivi, akikojoa mara sita au zaidi kwa saa 24, na mkojo ukiwa mweupe, maziwa yanaingia. Choo nacho kinasimulia: kinaanza cheusi kinachonata, kinageuka kijani, halafu kinakuwa cha njano na laini. Wewe umeniambia jana umebadilisha nepi saba na ya njano umeiona. Basi nani ana njaa hapo, zaidi ya wewe?

Anyonye mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, mchana na usiku. Jioni atataka titi, aachie, alitake tena baada ya dakika chache. Wengi hushindwa hapo wakidhani yamekauka, kumbe ndivyo anavyoagiza maziwa ya kesho. Ukihisi maumivu makali kila anaponyonya, tazama mdomo: uwe umefunguka sana, kidevu kimegusa titi, na ameshika sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu. Akishika ncha tu, utachubuka wewe na yeye hatapata kitu. Mtoe kwa kupenyeza kidole safi pembeni ya mdomo, uanze upya.

Utani tuuweke pembeni kidogo. Akilala mno hata ukimwamsha hataki titi, akiwa na joto la mwili au baridi isiyo ya kawaida, akipumua kwa kasi, au ngozi na macho yakiwa ya njano ikafika hadi nyayoni, usingoje asubuhi wala usingoje ruhusa ya mtu. Nenda hospitali.

Najua akika siku ya saba imeshapita, mbuzi mmoja kachinjwa na nyama yangu imeliwa na majirani. Nimesamehe. Nikija nitaleta doti ya khanga na pweza wangu mwenyewe, na wewe utaingia chumbani ulale kwa muda wa saa mbili bila kumkaribisha mgeni yeyote, nikiwemo mimi. Bibi nitamketisha na kadi ya kliniki tuisome wote.

Na hiyo pua niliyoiona kwenye picha ni ya baba yake kabisa. Wewe umebeba miezi tisa, yeye kapata chapa. Pole, mama!