Niandike nini kwenye barua ya ruhusa baada ya kupoteza ujauzito?

Ndugu mshauri, salaam.

Naomba unisaidie kuandika barua moja ya ofisini. Haitazidi nusu ukurasa, lakini imenishinda tangu wiki iliyopita. Mimi na mume wangu tumepoteza ujauzito tuliokuwa tumeungoja kwa muda mrefu. Nimesharuhusiwa hospitali, mwili unaendelea vizuri, na mapumziko niliyoandikiwa na daktari yanaisha Ijumaa hii. Lakini kuingia kazini Jumatatu siwezi. Nahitaji siku chache zaidi, na nataka kuziomba bila kueleza habari za hospitali na bila kusema uongo.

Nipo kitengo cha uhasibu katika kampuni binafsi ya usambazaji wa bidhaa hapa Mwanza. Sheria inayotuhusu ni ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na nimeisoma upande wa likizo ili nijue ninachoomba ni haki yangu au ni hisani. Likizo ya uzazi inampa mama siku 84, na siku 84 nyingine mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja tangu azaliwe. Hapo sikujiona, kwa sababu wa kwetu hakufika kuzaliwa. Kuna pia siku nne za malipo kwa mfanyakazi anayeuguliwa au kufiwa na mtoto, au aliyefiwa na mwenzi, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu wa tumbo moja. Nilipomuuliza afisa utumishi kwa simu kuhusu hizo nne, alinijibu kwa upole kwamba mwajiri anaruhusiwa kudai uthibitisho unaoridhisha, na kwamba yeye hajui angeomba karatasi gani kwa jambo kama langu. Kisha akanikumbusha kitu nilichokuwa nimekisahau: siku hizo ni nne kwa mzunguko mzima wa likizo, yaani miezi 36, hata kama misiba ni mingi. Zangu nilizimaliza mwaka jana nilipomzika baba. Zaidi ya hapo mwajiri anaweza kuniongezea, lakini bila malipo.

Likizo ya ugonjwa ndiyo yenye nafasi. Sheria inatoa siku 126 katika hiyo miezi 36, na 63 za mwanzo ni kwa mshahara kamili, ilimradi kuwe na cheti cha daktari. Hiki ndicho nilichotumia mpaka sasa, ile karatasi tunayoiita ED. Hapa nimshukuru daktari aliyenihudumia, maana ED ya kwanza ilikuwa imeandikwa ugonjwa wenyewe kwa kirefu. Nilimwomba aandike tu kwamba nahitaji mapumziko kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, akaniambia kwa kazi ya mwajiri hiyo inatosha, akachana ile na kuandika nyingine. Ofisi iliipokea bila swali. Ningeweza kurudi kwake kuomba siku zaidi, lakini ameshanipima na kuniambia nimepona. Kumtaka aandike kwamba naumwa wakati siumwi, sipendi. Kilichobaki si maradhi.

Basi nimebakiwa na njia mbili. Ya kwanza ni kukata kwenye likizo yangu ya mwaka ya siku 28, na hiyo ndiyo afisa utumishi aliyonishauri kwa sababu haidai maelezo yoyote. Ya pili imo kwenye mwongozo wa wafanyakazi wa kampuni yetu. Kuna ruhusa ya dharura ya familia, siku tano za kazi kwa mwaka, kwa malipo, meneja akiridhia. Sharti lake ni mfanyakazi aeleze sababu kwa maandishi. Hiyo ndiyo ninayoitaka. Likizo ya mwaka ni ya kupumzika na kwenda kuona wazazi, na sioni kwa nini huzuni hii ihesabiwe kama nilikwenda kutembea.

Tatizo lipo kwenye hilo la kueleza sababu. Barua za ofisini kwetu hupita mapokezi. Dada wa mapokezi hunakili kile kichwa cha "Yah" kwenye daftari la barua zinazoingia, barua inakwenda kwa mkuu wa idara aweke maoni, ndipo inafika kwa afisa utumishi na mwisho kwa meneja. Watu wanne wameshaisoma kabla haijajibiwa. Nikiandika kichwa chenye neno msiba, najua kitakachofuata, maana ni utaratibu wetu na ni utaratibu mzuri: tangazo kwenye kundi la simu la wafanyakazi, daftari la rambirambi linazungushwa, na jioni wanakuja nyumbani kutupa pole. Kwa baba yangu walifanya hivyo hivyo na sitasahau wema wao. Lakini sasa watauliza nani amefariki. Nikiandika naumwa, watakuja kunijulia hali na kuuliza naumwa nini. Nikiandika "matatizo ya kifamilia" peke yake, wengine watadhani ndoa ina mgogoro, na meneja anaweza kusema sababu haijaelezwa.

Hofu yangu haikutoka hewani. Mwenzetu mmoja wa idara nyingine aliwahi kupatwa na jambo kama hili. Aliandika barua ndefu, akaeleza yote kwa sababu alidhani asipoeleza hataaminiwa. Aliporudi, watu wasiomjua vizuri walimsimamisha kwenye ngazi kumuuliza ilikuwa ya miezi mingapi, alibeba nini kizito, kwa nini hakulala kitandani. Hawakuwa na nia mbaya, lakini kila swali lilimfanya ajitetee kana kwamba ana kosa. Mimi hayo siyataki. Hapa ofisini anayejua nilikuwa mjamzito ni mkuu wangu wa idara tu, kwa sababu nilikuwa namwomba ruhusa ya kwenda kliniki.

Nimeandika rasimu, na naomba uisome kama angeisoma meneja:

"YAH: OMBI LA RUHUSA YA DHARURA YA FAMILIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi na mume wangu tumepoteza ujauzito. Naomba ruhusa ya siku tano za kazi, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa ya wiki ijayo, kama inavyoelekezwa kwenye mwongozo wa wafanyakazi. Cheti cha mapumziko ya daktari kwa siku zilizotangulia kimeshawasilishwa ofisini kwako.

Kazi za kufunga hesabu za mwezi nimemkabidhi mwenzangu wa kitengo, na mkuu wa idara ana taarifa. Kwa jambo la haraka kuhusu hesabu napatikana kwa simu mchana.

Naomba sababu ya ruhusa hii ibaki kati ya ofisi yako, meneja na mkuu wangu wa idara. Wafanyakazi wenzangu wakiuliza, naomba waelezwe kwamba nina ruhusa ya kifamilia na nitarudi Jumatatu inayofuata. Nashukuru kwa upendo wao, ila kwa sasa tunaomba tusitembelewe na kusiwe na mchango.

Natanguliza shukrani."

Kichwa nimekiandika hivyo kwa makusudi, kwa kuwa ndicho kitakachoingia kwenye daftari la mapokezi, nacho hakisemi zaidi ya jina la ruhusa yenyewe. Sababu nimeipa sentensi moja. Sikutaja hospitali, miezi wala chanzo, kwa sababu naona meneja hahitaji hayo ili aamue kama nipewe siku tano. Anachohitaji ni kujua jambo gani limetupata, nitarudi lini, na nani atafunga hesabu. Hilo la hesabu nimeliandika mapema kwenye barua kwa kuwa wiki hiyo ndiyo ya kufunga mwezi, na nikiliacha ndilo litakalokuwa swali la kwanza. Kifungu cha mwisho, cha kuomba nisitembelewe, kimenichukua muda mrefu kuliko vyote. Sitaki kionekane kama kiburi.

Nyumbani tumegawanyika juu ya ile sentensi moja. Mama mkwe, ambaye amekuwa nami tangu siku ya kwanza na ananipikia uji kila asubuhi, ananiambia, "Mwanangu, mambo ya uzazi hayaandikwi kwenye karatasi za ofisi. Sema una udhuru, Mungu anajua." Ninamheshimu sana na najua anataka kunilinda. Mume wangu anasema ibaki, kwani bila hiyo meneja hana cha kuridhia. Yeye mwenyewe kazini kwake hakuwa na pa kuombea: siku tatu za baba zinatolewa mtoto akizaliwa, na mke kuugua hakumo kwenye zile siku nne. Bosi wake alimpa siku mbili kwa utu wake tu.

Mimi moyo wangu uko upande wa sentensi hiyo kubaki. Nikiandika "udhuru", itakuwa kama hakuna aliyekuwepo. Sihitaji ofisi imlilie, lakini nataka karatasi itakayobaki kwenye faili langu iseme ukweli, kwa maneno machache na yenye heshima.

Naomba basi unijibu haya. Sentensi hiyo ibaki, au niandike tu "jambo zito la kifamilia" na nimweleze meneja ana kwa ana, au mkuu wa idara anisemee? Afisa utumishi akinirudishia barua akitaka karatasi za hospitali zaidi ya ED, nina haki ya kukataa? Najua Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, lakini sijui niitaje vipi bila kuonekana nimekuja kugombana, na huyu afisa amekuwa mwema kwangu. Tena, nimefikiria kuitia barua kwenye bahasha iliyofungwa na kuiandika SIRI, nimkabidhi afisa utumishi mkononi bila kupita mapokezi. Je, hiyo itanisitiri, au neno SIRI ndilo litakalowafanya watu waanze kuulizana?

Na nyinyi wasomaji mliowahi kuandika barua kama hii, au mliowahi kuipokea mkiwa mameneja na maafisa utumishi, naomba mniambie mliandika nini na mlijibiwaje. Natakiwa kuiwasilisha Alhamisi kabla ya saa nane mchana, ili meneja aweze kuisaini kabla ED haijaisha.

Mimi msomaji wenu,
Mwanza